Simu Inaponyoa Nywele



Wiki iliyopita jirani yangu mmoja, msusi mwenye saluni hapa Ngamiani, Tanga, aliingia studio kwangu asubuhi na mapema, simu mkononi, uso umekunjamana. Jana yake alikuwa amemsuka binti mmoja rasta ndogondogo. Walianza saa 3 asubuhi wakamaliza saa 9 alasiri. Nusu ya rasta alizifunga juu, nusu akaziacha zianguke mabegani, na kwenye paji la uso akavilaza vinyweleo kwa mswaki na jeli, kama wasichana wa siku hizi wanavyopenda. Kisha akampiga picha kwa simu, ile hali ya potreti inayotia ukungu nyuma ya mtu, akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Mteja mwingine akamuuliza: "Dada, mbona upande mmoja hujamaliza?"

Akanionyesha. "Kaka, hebu angalia. Simu imeninyolea mteja."

Nikaichukua ile simu, nikaikuza picha kwa vidole viwili hadi kwenye ukingo wa kichwa. Nakuomba na wewe ufanye hivyo na picha yako yoyote ya potreti, maana ikiwa ndogo kila kitu huonekana sawa. Upande wa kushoto rasta tatu zilikuwa zimeishia hewani. Zinatoka kichwani vizuri, zikifika usawa wa sikio zinayeyuka ndani ya ukungu kama sukari kwenye chai, halafu ncha zake zinatokea tena begani. Upande wa kulia kosa lilikuwa la kinyume: kati ya rasta na rasta ulibaki ukuta wa saluni, mkavu kabisa, hata ufa wa rangi unauona, ilhali ukuta huohuo pembeni yake umejaa ukungu. Na juu ya kichwa, vile vinyweleo laini vilivyosimama vimeondolewa vyote, kichwa kimebaki na duara safi kama kimevikwa kofia ya pikipiki.

Haya ni makosa mawili tu, ingawa yanaonekana mengi. Kuna mahali simu imedhani nywele ni ukuta, ikazitia ukungu. Na kuna mahali imedhani ukuta ni nywele, ikauacha mkavu. Ukishajua kuyatofautisha, unaweza kujua pia nini kilikosekana wakati wa kupiga, kwa hiyo jioni ya leo nataka tuende taratibu hadi tuelewe kwa nini simu inakosea hapo hasa, kwenye nywele, na si kwenye bega wala shavu.

Tuanze na kamera kubwa, zile za wapiga picha wa harusi. Lenzi ya potreti ya milimita 85, ikifunguliwa hadi f/1.8, ina tundu la kupitisha mwanga lenye upana wa milimita 47 hivi. Tundu kubwa namna hiyo ndilo linalofanya vitu vya nyuma viwe ukungu vyenyewe, kwa sheria za mwanga, bila hesabu ya mtu. Lenzi kuu ya simu ina tundu la milimita 4 hivi, pungufu au zaidi kidogo kutegemea simu. Kwa tundu hilo dogo, mtu akisimama mita moja na nusu kutoka kwenye simu, yeye na ukuta ulio nyuma yake hutoka karibu wakavu sawa. Kwa hiyo ule ukungu wa potreti huchorwa baadaye. Simu hupiga picha ya kawaida, kisha huamua kipi ni mtu na kipi si mtu, halafu hupaka ukungu mahali pasipo na mtu. Kila kitu kinategemea uamuzi huo wa katikati.

Inaamuaje? Njia ya kwanza ni ya macho mawili. Msikilizaji, kama huendeshi gari, nyoosha kidole chako mbele ya uso. Fumba jicho la kushoto, kisha fumbua na ufumbe la kulia. Kidole kinaruka, sivyo? Sasa angalia dirisha lililo mbali ufanye vilevile. Linaruka kidogo sana. Kilicho karibu huruka zaidi, kilicho mbali huruka kidogo, na ubongo wako hupima umbali kwa mruko huo. Simu zenye lenzi mbili nyuma hufanya hesabu hiyohiyo. Hali ya potreti ilienea sana baada ya iPhone 7 Plus kuipata mwishoni mwa mwaka 2016, ikitumia lenzi zake mbili. Mwaka uliofuata simu ya Pixel 2 ya Google ilifanya hivyo kwa lenzi moja tu ya nyuma: kila pikseli ya kamera yake imegawanywa nusu mbili, na kila nusu huona mandhari kutoka upande wake wa lenzi, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Tofauti ndogo mno, lakini iliwasaidia.

Njia ya pili haipimi umbali. Programu iliyofunzwa kwa picha nyingi za watu hutazama picha na kusema: hapa ni uso, hapa ni bega, hapa ni nguo, mtu anaishia hapa. Simu nyingi huchanganya njia zote mbili. Zile za bei nafuu zenye kamera moja tu inayofanya kazi kweli hutegemea zaidi hii ya pili, yaani hubahatisha umbo la mtu kwa mazoea.

Sasa tuzilete nywele. Unywele mmoja una unene usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua simu yenye picha ya megapikseli 12, upande mrefu ukiwa na pikseli 4,000 na ushei, umempiga mtu aliye mita moja na nusu kwa lenzi kuu ya kawaida. Ukiishika simu wima, kamera inaona eneo lenye kimo cha mita mbili hivi. Gawanya: kila pikseli inabeba nusu milimita. Kwa hiyo unywele mmoja uliochomoza peke yake haujazi hata pikseli moja. Unachukua kama sehemu moja ya tano au ya saba ya pikseli, na sehemu iliyobaki ni ukuta. Pikseli hiyo si nywele wala si ukuta, ni mchanganyiko wa rangi zote mbili.

Na hapo tunazungumzia picha yenyewe. Ramani ya umbali, ile inayoeleza kila sehemu iko mbali kiasi gani, huwa ndogo zaidi. Kwenye iPhone zenye lenzi mbili, ramani inayohifadhiwa pamoja na picha ilikuwa ya pikseli 768 kwa 576. Kwa mfano wetu wa kimo cha mita mbili, kila nukta ya ramani hiyo inafunika karibu milimita tatu. Rasta nyembamba ya yule binti ina unene wa milimita tatu hadi nne. Yaani rasta nzima, iliyochukua dakika kadhaa kusukwa, kwenye ramani ni nukta moja. Nukta hiyo ikikosea, rasta imekwenda.

Basi simu hufanya kazi ya ziada ya kuunganisha: huchukua ramani chafu, huitazama tena picha yenyewe, na kujaribu kuusogeza ukingo ufuate mahali rangi inapobadilika. Rangi ikibadilika waziwazi, ukingo unakaa pake. Rangi ya nywele na ya nyuma zikikaribiana, simu haina cha kufuata, inapitisha mstari popote. Na nywele zetu zina jambo lake. Afro iliyochanuliwa vizuri haina ukingo kama wa shavu. Katikati ni nzito, kadiri unavyotoka nje inapungua, mwisho ni wingu ambalo unaona mwanga kupitia ndani yake. Umpe mtu mkasi, umwambie akate picha ya afro kwenye gazeti, utaona naye anasita akate wapi.

Watengenezaji wanalijua hili. Mwaka 2019, iOS 13 iliongeza ramani ya pekee ya nywele, mbali na ya ngozi na ya meno, ili nywele zishughulikiwe kivyake. Mwaka 2021 Google walisema wazi kwamba wanaboresha namna simu zao zinavyomtenganisha mtu na mandhari kwenye selfi, kwa watu wenye nywele za mawimbi na za kujikunja. Nawapongeza kwa hilo, maana programu inajua kile ilichofunzwa, na aliyeonyeshwa vichwa vya nywele za singa kwa wingi atashangaa akikutana na kipilipili. Lakini hatuwezi kukaa tukisubiri simu ya mwaka kesho. Kuna mambo yaliyo mikononi mwetu leo.

Nikamwambia msusi, twende huko huko saluni, na yule binti aitwe kama yuko karibu. Bahati nzuri alikuwa mtaa wa pili.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuigeuza simu na kuitazama lenzi dhidi ya mwanga. Ilikuwa na utando wa mafuta. Msusi anashika mafuta ya nywele na jeli mchana kutwa, kisha anaishika simu, na kidole chake kinapita kwenye lenzi. Utando huo hufanya mwanga wa dirisha umwagike juu ya nywele, weusi unakuwa kijivu, ukingo unapotea kabla hata programu haijaanza kazi. Na ukiwa na lenzi mbili, ikichafuka moja tu, mlinganisho wa macho mawili unaharibika. Nilifuta zote kwa kitambaa laini kikavu cha pamba. Nikaangalia pia kava la simu kama halijasogea likafunika lenzi ya pembeni, na nikamwonyesha namna kidole chake cha shahada kilivyozoea kukaa palepale.

La pili ni umbali, na hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ile picha ya kwanza binti alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni, kisogo kikiwa nusu mita tu kutoka ukutani. Msusi naye alisimama mlangoni, kama mita nne, ili aingize mwili mzima. Tufanye hesabu ya yale macho mawili kwa simu ambayo lenzi zake zimeachana sentimita moja. Mtu aliye mita 4, kati ya lenzi moja na nyingine, anaruka pikseli 7 hivi. Ukuta ulio mita 4 na nusu unaruka 6 na nusu. Tofauti haifiki pikseli moja. Simu inaambiwa: tafuta nani yuko mbele na nani yuko nyuma kwa tofauti isiyofika pikseli moja, kwenye rasta nyembamba, ndani ya chumba chenye giza. Haiwezi.

Sasa msogeze mpiga picha hadi mita moja na nusu, ukuta ukiwa bado nusu mita nyuma ya binti. Binti anaruka pikseli 19 hivi, ukuta 14 na nusu. Tofauti ni kama pikseli 5. Ni bora sana kuliko mwanzo. Kisha mwondoe binti ukutani, awe mita tatu mbele yake. Yeye bado 19, ukuta unashuka hadi 6 na nusu. Tofauti inakuwa pikseli 13 hivi. Simu ni ileile, binti ni yuleyule, na hatujagusa kitu chochote ndani ya programu.

Ndiyo maana simu nyingi huandika kwenye kioo ujumbe wa kukuambia usogee karibu au urudi nyuma. iPhone kwa mfano humtaka mtu awe ndani ya futi 8, yaani karibu mita mbili na nusu. Watu wengi hupiga tu bila kuusoma ujumbe huo. Usome, maana hapo simu inakueleza kwamba haijaweza kupima.

Tukatoka nje, kwa sababu ndani kuna giza. Mbele ya saluni kuna uwanja mdogo, na hapo msusi akataka kumweka binti chini ya mwembe, kwa kuwa majani yanapendeza. Nikamkatalia. Majani ni vitu vyembamba, vyeusi, vyenye mianya inayopitisha mwanga. Nywele ni vitu vyembamba, vyeusi, vyenye mianya inayopitisha mwanga. Simu itavichanganya. Akapendekeza mbele ya dirisha la nondo la duka. Nikakataa tena: nondo zinazofanana zikipangwa safu huihadaa simu, maana ikitafuta nondo ya tatu kwenye lenzi ya pili inaweza kuikuta ya nne ikadhani ndiyo, na umbali wote unakuwa uongo. Wavu wa fensi, matofali ya matundu na vipande vya vioo vilivyopangwa safu vina tabia hiyohiyo.

Tulichochagua ni ukuta wa nyumba ya jirani, uliopakwa rangi ya maziwa iliyochujuka, mita nne hivi nyuma ya binti. Nywele nyeusi, ukuta wa rangi nyepesi lakini usiong'aa. Neno hilo la mwisho ni muhimu. Watu wakisikia nywele nyeusi zinataka nyuma peupe humweka mtu dhidi ya anga la saa 6 mchana. Anga hilo ni jeupe mno, mwanga wake humeza vinyweleo vya pembeni, na kamera ikijitahidi kuusawazisha uso, anga linageuka karatasi nyeupe na nywele za nje zinatafunwa. Kwa aliyepaka nywele rangi ya dhahabu au mwenye mvi, geuza: mtafutie nyuma penye giza kidogo.

Mwanga wa asubuhi hiyo, saa 4 kasoro, ulikuwa unatoka upande wa kulia, na binti tukamweka kwenye kivuli cha baraza, uso ukielekea kwenye uwazi. Mwanga ukiwa haba, kamera hukuza nguvu ya picha, chengachenga hutokea, kisha programu huzifuta chengachenga kwa kulainisha. Inapolainisha haijui kipi ni chenga na kipi ni unywele, inavifuta vyote. Ndiyo maana picha za ndani ya ukumbi usiku hutoa vichwa laini kama mpira. Kinachosaidia zaidi ni mwanga kidogo unaotoka ubavuni au nyuma kwa pembeni, ukipita juu ya nywele na kuacha mstari mwembamba wa kung'aa. Tulimzungusha binti hatua moja, mstari huo ukatokea begani na kwenye rasta za kulia, na hata kwa macho tu ungeona zimejitenga na ukuta.

Tulisubiri pia upepo utulie. Simu za sasa hupiga picha kadhaa kwa mfululizo wa haraka na kuziunganisha kuwa moja. Rasta ikipepea kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, haina mahali pamoja pa kukaa, na programu huitia kwenye ukungu. Kwa wale wa Pwani wanaopiga picha ufukweni alasiri, upepo huu ndio unaowaharibia, wakidhani ni simu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halisemwi sana. Lenzi mbili zikiwa zimepangwa juu na chini, simu hupima vizuri mistari iliyolala, lakini hupata taabu na mistari iliyosimama, kwa sababu ukisogeza mstari uliosimama juu au chini unabaki kuonekana palepale. Rasta zinazoanguka ni mistari iliyosimama. Ukiilaza simu ubavu, zile lenzi zinakuwa kushoto na kulia, na rasta zinaanza kuruka vizuri. Pixel 4 ya mwaka 2019 ilitumia vipimo viwili vyenye mielekeo inayokatana, kimoja cha lenzi mbili na kingine cha zile nusu za pikseli, na moja ya faida zake ni hiyo. Kwa hiyo kama simu yako ina lenzi mbili zilizopangwa hivyo na rasta zinakatika ukiishika wima, ilaze upige tena. Sitakuahidi kwamba kila simu itabadilika, maana zile zinazotegemea zaidi kubahatisha umbo hazijali, lakini kwa simu ya msusi wetu tofauti ilionekana.

Picha ya nne ndiyo iliyofaa. Tukaikuza. Rasta zote za kushoto zilifika begani bila kukatika. Upande wa kulia bado ulibaki mwanya mmoja, pale rasta mbili zinapoachana karibu na shingo, ambapo ukuta ulikuwa mkavu. Mwanya huo una upana wa kidole. Vinyweleo vya juu navyo vilirudi, ila si vyote.

Hapo nikamwonyesha kitufe ambacho wengi hawakigusi. Ukiifungua picha ya potreti kwenye sehemu ya kuhariri, simu nyingi zina mstari wa kuongeza au kupunguza ukungu. Kwenye iPhone huandikwa kwa namba za f, kuanzia f/1.4 hadi f/16, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ukungu unavyopungua. Simu kwa kawaida hupendelea ukungu mzito kwa kuwa unavutia haraka, na ukungu mzito ndio unaofichua makosa, kwani kiraka kikavu ndani ya ukungu mzito kinapiga kelele. Tuliushusha hadi karibu nusu. Ule mwanya wa shingoni ukaacha kuonekana, kwa sababu ukuta wa pembeni yake nao haukuwa na ukungu mwingi tena.

Fanya hivyo kabla ya kutuma. Picha ikishapita WhatsApp inafika kama picha ya kawaida, ramani ya umbali haiendi nayo. Aliyeipokea hawezi kurekebisha kitu. Na mteja akikuomba picha, mtumie iliyorekebishwa, ila ile ya asili ibaki kwenye simu yako.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kichwa kitatoka salama. Afro kubwa iliyochanuliwa, mwanga ukipita ndani yake, bado inazishinda simu nyingi. Shela ya bibi harusi ni hivyohivyo, maana kitambaa cha wavu kina mtu na ukuta kwa wakati mmoja kwenye kila pikseli. Hereni za duara kubwa huacha kipande cha ukuta kikavu katikati ya pete. Wigi lenye nywele zilizotimka huishia na ukingo wa mviringo. Kwa vitu hivi kupiga tena na tena ni kupoteza muda.

Ndipo nikampa msusi ushauri ambao naona ndio wa maana kuliko yote niliyosema. Wewe unauza nywele. Picha yako kazi yake ni kuonyesha ncha ya kila rasta na mstari wa kila njia kichwani. Ukungu umewekwa ili kuficha fujo ya nyuma: ndoo, kiti kilichovunjika, wateja wanaosubiri. Basi iondoe fujo hiyo, na hutahitaji ukungu. Nunua kitambaa cha rangi moja kisichong'aa, kijivu chepesi au maziwa, mita mbili kwa mita mbili na nusu, kipigwe pasi, kitundikwe kwenye kamba barazani. Mteja akae mita moja na nusu mbele yake ili kivuli chake kisiangukie kitambaa. Zima potreti, tumia kamera ya kawaida, na kama simu ina lenzi ya 2x itumie ili uso usivutike. Gusa kioo kwenye nywele, si kwenye pua, ili fokasi ikae unapotaka. Picha hiyo haina uamuzi wowote wa kipi ni mtu na kipi ni ukuta. Hakuna unywele unaopakwa ukungu.

Tulipiga hiyo pia, kwa shuka la msusi mwenyewe la rangi ya krimu. Tukaziweka picha mbili bega kwa bega kwenye kioo: ile ya nne ya potreti na hii ya shuka. Ya potreti ilikuwa na uzuri wa macho, uso umejitokeza. Ya shuka ilionyesha vinyweleo vya mbele kimoja kimoja, na ile mistari aliyoilaza kwa mswaki. Binti akachagua ya potreti kwa ajili yake. Msusi akachagua ya shuka kwa ajili ya saluni. Wote wawili walikuwa sahihi.

Kwa hiyo, wasusi na vinyozi mnaonisikiliza, na wewe dada uliyetoka kusukwa leo kwa ajili ya sendofu ya kesho: mteja asiinuke kitini kabla hamjapiga picha mbili, moja ya potreti na moja ya kawaida, na msiachane kabla hamjazikuza zote mbili hadi kwenye ncha za nywele.